Kizibo cha Maji ya Baraka

Katika wiki ya tatu ya dawa zake, Mama alianza kusema kuna mtu anamjia jioni. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia kuku ametaga.

"Anakuja jioni, ananitia kidole hapa," akagusa mfupa wa kifua, katikati. "Halafu anaondoka. Kidole anakiacha."

Mimi ni fundi seremala na sipendi maneno yasiyopimika. Nikamuuliza kidole hicho kina urefu gani na kimelala au kimesimama, kana kwamba tunazungumzia ubao. Mama akaniangalia, akageukia ukutani. Nilikuwa na mdomo mchafu siku zile, na bado ninao kidogo.

Ugonjwa wenyewe ulitoka kwenye zizi. Ng'ombe wetu alitupa mimba mwezi wa tano, na Mama, ambaye hajawahi kumwachia mtu mwingine kazi ya zizi, akamsaidia kwa mikono mitupu. Baada ya wiki chache zikaja homa za kupanda na kushuka, jasho la kulowesha shuka, na maumivu ya viungo yaliyomfanya atembee ameshika kuta. Hospitali wakapima damu wakasema ni brusela. Akaandikiwa dawa za wiki sita: rifampisini mara moja asubuhi, na kapsuli za doksisaiklini, moja asubuhi na moja jioni.

Kwenye dirisha la dawa yule dada alinieleza mambo mengi haraka haraka. Nilishika mawili. Kapsuli zisimezwe na maziwa, na mkojo utageuka rangi ya chungwa, tusishtuke. Pengine alisema na la maji. Siwezi kuapa hakusema. Pikipiki yangu nilikuwa nimeiacha vibaya nje ya geti, na jicho moja lilikuwa huko.

Tulipofika nyumbani tukagawana kazi, mimi na mke wangu. Nyumba ni ya Mama, iko juu huku kwenye migomba, na mimi ndiye kitindamimba, kwa hiyo kwa desturi yetu kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na nyumba ni vya kwangu, na Mama pia ni wa kwangu kumtunza. Mke wangu alichukua asubuhi. Alimkalisha Mama jikoni karibu na moto, akampa dawa zake na kikombe kikubwa cha maji, kisha wakakaa wanachambua maharage. Jioni ilikuwa zamu yangu, nikitoka karakana Shirimatunda.

Jioni ilikuwa ngumu. Ilikuwa kipupwe, na huku juu ukungu unashuka saa kumi unaingia mpaka ndani ya nyumba. Saa kumi na moja Mama alikuwa amekwisha kujifunika mablanketi mawili, amesali rozari yake, na hataki kusikia habari ya maji. Sababu niliijua. Choo chetu kiko nje, nyuma ya migomba, na njia ya kwenda huko inapita kando ya kaburi la Baba. Akinywa maji jioni lazima atoke nje gizani, na apite pale.

Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu nikapata wazo ambalo lilinifanya nijione mwerevu kuliko watu wote wa mlimani. Pembeni ya kitanda chake kulikuwa na chupa ndogo ya maji ya baraka aliyoletewa kutoka kanisani. Nikafungua, nikajaza kile kizibo, nikamwambia, "Mama, haya hutayakataa." Akafanya ishara ya msalaba, akafungua kinywa bila kuinuka kwenye mto. Nikaweka kapsuli kwenye ulimi, nikamimina kizibo kimoja juu yake. Akameza. Nikamfunika, nikazima taa.

Ikawa ndio utaratibu. Maji ya baraka hayagugumiwi kama togwa, kizibo kimoja kilikuwa heshima tosha. Nilimtambia mke wangu kwamba mimi simbembelezi mgonjwa nusu saa, dakika moja na kazi imekwisha.

Basi ndipo kidole kikaja. Mwanzoni kilikuwa kitu kilichokwama tu. Mama alikuwa anameza mate, anatulia, anameza tena. Halafu yakawa maumivu. Uji wa moto ukipita alikuwa anafumba macho na kushika ukingo wa meza. Akaacha ndizi. Akaacha nyama. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, chakula ambacho angekula hata akiwa usingizini, akawa anaulamba kwenye ncha ya kijiko na kuurudisha. Na kila tulipomuuliza, mkono ulikwenda mahali pale pale, katikati ya kifua.

Mahali pale sote tulipajua. Baba alikufa kwa ugonjwa wa umio, ile njia ya chakula. Ulizibwa na uvimbe kidogo kidogo, kwanza nyama, halafu ndizi, halafu uji, mpaka siku za mwisho maji yenyewe yakawa yanarudi. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Na yeye alianza hivyo hivyo, kwa kugusa kifua katikati na kusema kuna kitu kimekaa hapa.

Usiku wa mwisho wa Baba sikuusikia, nilikuwa kazini Mabogini napaua ghala la mpunga. Lakini siku zilizotangulia niliisikia ile sauti yake, na sikuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa sauti ya kumeza pasipo kitu cha kumeza. Mlio mkavu, kimya, mlio tena. Sasa nilipokuwa nimekaa sebuleni saa kumi na mbili jioni, taa haijawashwa, ukungu umeegemea dirishani, niliusikia mlio ule ule nyuma ya ukuta wa ubao nilioujenga mwenyewe. Ulikuwa unatoka kwenye chumba kile kile. Niliuhesabu bila kutaka. Ukinyamaza nilingoja, na nikingoja nilisikia moyo wangu.

Niliogopa. Nimesema sipendi kisichopimika, mimi ni mtu wa futi kamba, ule utepe wa kupimia, lakini jioni zile nilikuwa naangalia mlango wa chumba cha mama yangu kabla sijaupita.

Kisha akaja shangazi, dada yake Baba. Shangazi yangu ni mtu wa kuingia nyumbani kwako na kukagua. Alikuta foronya ya Mama ina madoa ya rangi ya chungwa, pale machozi yalipodondokea. Mke wangu alikuwa hajampa habari ya ile dawa inayogeuza rangi ya mkojo, na kweli hata sisi hatukujua kwamba inageuza na machozi. Shangazi akaikunja foronya vizuri, akaishika mapajani.

"Huyu analia kutu," alisema. "Kaka yangu ana neno na mke wake."

"Shangazi, hiyo ni dawa."

"Na kidole nacho ni dawa?" akaniuliza.

Yeye akaleta mbege, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, akaenda kwenye kaburi la Baba mchana ule ule, akamwaga kidogo kidogo na kusema naye kwa Kichagga. Nilisimama mbali, mikono mfukoni, nimenuna. Ukungu ukashuka mapema siku ile. Shangazi nilimwona kiuno kwenda chini tu, na sauti yake ilitoka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Aliuliza swali, akangoja kama watu wanavyongoja kwenye simu. Nywele zilinisimama. Halafu akasema, "Haya, nimesikia," akarudi kwangu na kibuyu kitupu.

"Amesemaje?" nikauliza. Mimi, mtu wa futi kamba.

"Amesema si yeye."

Nilicheka. Kicheko hicho mpaka leo kinaniaibisha, kwa kuwa kilikuwa cha mtu aliyeumbuka.

Wiki ile Mama akaacha kula kabisa, ila maji ya dawa za asubuhi, mengine kidogo mchana na chai ya rangi iliyopoa. Akamwita mke wangu akampa vitenge vyake vipya viwili. Akaniambia yeye alazwe upande wa kushoto wa Baba, ule wa mfereji, kwa sababu upande wa kulia una mawe. Alikuwa hapungui tu mwili, alikuwa anapanga. Nikamwomba twende hospitali. Akakataa, akasema aliwaona hospitali walivyomfanya Baba, na kwa Baba hawakurudisha kitu. Mimi kwa moyo wangu wote niliamini kwamba ule uvimbe umemfuata, na kwamba nikimpeleka nitaambiwa. Ndiyo, nilichelewa pia kwa ajili ya uoga wangu. Hilo nalisema.

Kitu kimoja hakukikataa. Kapsuli. Angekataa uji, angekataa mtori, lakini saa kumi na moja nikiingia, mlango ukilia, alikuwa ananitazama nikija mpaka kitandani, anafanya ishara ya msalaba, anafungua kinywa. Nilijisifu moyoni. Nilisema angalau kwangu mimi anakubali.

Siku moja, dakika chache baada ya kumpa, alikohoa akatema kwenye leso. Mate yalikuwa na uzi wa damu. Sikuomba ruhusa tena. Asubuhi nilimwita jirani mwenye gari, tukamshusha Mama mjini amelala kiti cha nyuma.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Alimwamkia Mama kwa Kichagga chake cha kuungaunga, Mama akatabasamu mara ya kwanza kwa siku nyingi. Nikamweleza daktari yote: brusela, Baba, damu, kutokula. La kidole nikaliruka. Mama akalisema mwenyewe.

"Anakuja jioni tu?" daktari akauliza, bila kucheka.

"Jioni tu. Asubuhi haji."

Daktari akaandika. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Dawa ya jioni anameza vipi?"

"Kwa maji," nikasema.

"Nionyeshe. Kama mnavyofanya nyumbani, usibadilishe kitu."

Nilimwonyesha kwa fahari, Mungu anisamehe. Mama akalala kwenye kitanda cha kupimia. Nikainama, nikajifanya naweka kapsuli kwenye ulimi. Nikatafuta kizibo, nikachukua cha chupa yangu ya maji, nikakiinamisha. Nikamvutia shuka mpaka kidevuni. Nikageuka.

Daktari alichukua kapsuli moja kwenye pakiti yetu, akaniambia nifungue kiganja. Akakilowesha kwa matone machache, akaiweka kapsuli, tukangoja. Alimuuliza Mama habari za ng'ombe. Baadaye akaniambia, "Geuza mkono."

Nikageuza kiganja kikaangalia sakafu. Kapsuli haikudondoka. Ilikuwa imeganda kwenye ngozi, imelainika, imenata. Nikatikisa. Bado. Akanipeleka kwenye sinki, akajaza glasi, akaimwaga yote juu ya kiganja, na kapsuli ikaenda na maji.

"Umio una unyevu kama hivyo," alisema. "Mtu akilala, hakuna kinachoivuta dawa chini. Kizibo hakiisukumi. Inanata njiani, inayeyuka hapo hapo, na hii dawa ni kali, inaunguza nyama mahali ilipokaa. Kesho yake mnaweka nyingine juu ya kidonda."

"Mara ngapi?" Mama aliuliza kutoka kitandani.

Mimi nilikuwa nahesabu jioni.

Kwa kuwa Baba alikuwa na historia ile, na kwa kuwa damu ilikuwa imeonekana, walimfanyia Mama kipimo cha kamera ya kupitishwa kooni kesho yake. Nilikaa kwenye benchi la korido nimeshika viatu vya Mama. Binti yule alitoka, akakaa kando yangu badala ya kusimama, na kwa kuwa alikaa nilidhani ndio mwisho. Akasema hakuna uvimbe. Kuna vidonda viwili vinatazamana, katikati ya umio, mahali ambapo njia hubanwa kidogo na mshipa mkubwa wa moyo, na pembeni ya kidonda kimoja wamekuta mabaki ya ganda la kapsuli. Mengine yote mazima. Vitapona, alisema, wiki moja au mbili.

Nililia pale pale na viatu mapajani. Nilishukuru, na ndani ya shukrani hiyo hiyo nilijua kwamba ganda lile nililiweka mimi.

Walisimamisha kapsuli kwa muda, wakampa sindano badala yake ili brusela isipate nafasi, na dawa ya maji ya kutuliza vidonda, na ya kupunguza asidi. Mama akarudi kwenye uji uliopoa, kisha maziwa tuliyoyachemsha sawasawa, kisha mtori. Siku aliyokula bakuli zima na kuomba ukoko, mke wangu alitoka nje akaimba.

Kapsuli zikarudi, kwa masharti ambayo daktari aliyaandika na mimi nikayapigilia misumari mlangoni. Glasi nzima ya maji, si nusu. Amekaa wima au amesimama. Dawa za asubuhi, moja baada ya nyingine. Na akimeza asilale, akae wima nusu saa, au zaidi. Mama aliniambia maji ya baraka anaweza kujipaka kwenye paji la uso, baraka yake ni ile ile. Na kwa ajili ya choo nikamwahidi nitamsindikiza kila jioni, hata mara tano, nikiwa na tochi.

Hivyo tukawa tunakaa kwenye benchi la barazani, mimi na yeye, na simu yangu katikati yetu ikihesabu dakika. Nilikuwa sijawahi kukaa na mama yangu nusu saa bila kazi mkononi tangu nilipoacha shule. Siku za kwanza hatukujua la kusema. Tulitazama migomba ikimezwa na ukungu, mmoja mmoja, mpaka ule wa karibu na kaburi.

Siku ya nne au ya tano alimaliza glasi, akajifuta mdomo kwa upande wa khanga, akairudisha kwangu.

"Shangazi yako alisema kweli," alisema. "Hakuwa baba yako. Mimi sikusema hata siku moja kwamba ni yeye. Ninyi ndio mlisema."

"Ulisema kuna mtu anakuja jioni."

"Kulikuwa na mtu."

Alikuwa hanitazami. Alikuwa na mikono miwili magotini, mgongo umenyooka, kama alivyofundishwa.

"Kila jioni mlango unalia," alisema, "anaingia, ukungu uko nyuma yake. Hasemi shikamoo, amechoka, ana haraka. Ananitia kitu kinywani, ananifunika mpaka kidevuni, anazima taa. Akishatoka tu, panaanza kuungua. Mimi ni mzee, baba, lakini si mjinga. Siku ya nne ya maumivu nilikuwa nimekwisha kujua kinatoka wapi."

Nikamgeukia.

"Ulijua ni zile kapsuli?"

"Nilijua ni wewe."

Ukungu ulikuwa umefika kwenye ngazi. Nilitaka kusimama, nikakumbuka kwamba nikisimama na yeye atasimama aingie kulala.

"Kwa nini hukukataa, Mama? Ulikataa kila kitu."

Akafikiri. Alifikiri kweli, hakuwa anatafuta jibu la kunichoma.

"Nilisema labda mtoto amechoka kunitunza. Shamba ni lako, nyumba ni yako, mimi ndiye niliyebaki katikati. Nikasema, kama ndivyo, nisimsumbue. Nitafungua mdomo."

Aliuweka mkono wake juu ya wangu, ukiwa bado baridi ya glasi. Alitaka kunibembeleza, mimi, yeye akinibembeleza mimi. Niliitazama simu kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili, zilibaki kumi na nane, na hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kuondoka.